Usanifu kwa mkataba

Usanifu kwa mkataba ni njia ya kubuni programu za kompyuta ambamo kila sehemu ya programu huandikiwa wazi inachodai kwa wanaoitumia na inachowaahidi. Madai na ahadi hizo huandikwa kwa umbo la masharti ambayo ama ni kweli ama si kweli, ili mtu aweze kuhoji kama programu ni sahihi bila kutegemea majaribio peke yake. Masharti ni ya aina tatu. *Sharti la kabla* ni lile linalopaswa kuwa kweli kabla ya utaratibu fulani kuitwa. *Sharti la baada* ni lile ambalo utaratibu huo unaahidi kwamba litakuwa kweli ukimaliza kazi. *Sharti la kudumu* ni la klasi nzima: linapaswa kuwa kweli kwa kila kitu cha klasi hiyo, kila mara kinapoonekana na watu wa nje.

Katika makala hii, neno klasi lina maana ya upangaji programu: ni maelezo ya aina moja ya vitu, pamoja na data vinavyohifadhi na taratibu zinazoweza kufanyiwa data hiyo. Sehemu ya programu inayoita utaratibu wa klasi huitwa *mteja*, na klasi yenyewe ni *mtoa huduma*.

## Asili

Wazo la kuandika masharti ndani ya programu ni la zamani kuliko lugha nyingi za kompyuta zinazotumika leo. Alan Turing aliligusa mwaka 1949 katika andiko fupi kuhusu namna ya kukagua programu ndefu. Robert Floyd alilipa msingi wa kihisabati mwaka 1967, na mwaka 1969 Tony Hoare alichapisha kanuni za kuthibitisha programu kwa kutumia sharti linalotangulia amri na sharti linaloifuata. Hoare huyohuyo alionyesha mwaka 1972 jinsi ya kuthibitisha kwamba data iliyofichwa ndani ya klasi inabaki katika hali halali, na hapo ndipo sharti la kudumu lilipopata nafasi yake.

Mfaransa Bertrand Meyer aliyaunganisha mawazo hayo katika lugha ya Eiffel, aliyoanza kuibuni mwaka 1985, na ndiye aliyeyapa jina la mkataba. Jina hilo halikuchaguliwa kwa mapambo. Katika mkataba wa biashara kila upande una wajibu na una faida, na wajibu wa mmoja ndio faida ya mwingine. Vivyo hivyo, sharti la kabla ni mzigo kwa mteja na nafuu kwa mtoa huduma. Sharti la baada ni kinyume chake.

## Mfano: foleni yenye nafasi maalumu

Chukua foleni ya tiketi kwenye dirisha la dawa hospitalini. Anayefika hupewa namba na kuingia nyuma. Anayehudumiwa hutoka mbele. Kompyuta inayoendesha foleni hiyo imetengewa nafasi chache tu za kuhifadhi namba, tuseme nne, zilizohesabiwa 0, 1, 2 na 3. Ili namba zisihamishwe kila mtu anapotoka, nafasi hizo hutumiwa kwa kuzunguka: baada ya nafasi ya 3 hurudiwa nafasi ya 0.

Klasi inayofanya hivyo huhifadhi mambo manne: `nafasi`, ambayo ni safu ya namba zenyewe, `uwezo`, yaani jumla ya nafasi, `mwanzo`, yaani nafasi aliyopo mtu wa mbele, na `idadi` ya waliomo. Huu ndio utaratibu wa kuingiza namba, ulioandikwa kwa Eiffel:

```eiffel
ingiza (x: INTEGER)
    require
        kuna_nafasi: idadi < uwezo
    do
        nafasi.put (x, (mwanzo + idadi) \\ uwezo)
        idadi := idadi + 1
    ensure
        imeongezeka: idadi = old idadi + 1
        yuko_nyuma: aliye (idadi - 1) = x
    end
```

Alama `\\` hutoa baki la kugawanya. Sehemu ya `require` ni sharti la kabla, na sehemu ya `ensure` ni sharti la baada. Maneno `old idadi` yana maana ya idadi kama ilivyokuwa utaratibu ulipoanza. Nayo `aliye (i)` ni utaratibu mwingine wa klasi hiyo unaotaja namba ya mtu aliye nafasi ya `i` kutoka mbele, ambapo wa mbele kabisa ni 0.

Utaratibu wa kutoa mtu wa mbele ni mwepesi zaidi:

```eiffel
toa
    require
        si_tupu: idadi > 0
    do
        mwanzo := (mwanzo + 1) \\ uwezo
        idadi := idadi - 1
    ensure
        imepungua: idadi = old idadi - 1
    end
```

Mwishoni mwa klasi huandikwa sharti la kudumu:

```eiffel
invariant
    uwezo >= 1
    nafasi.count = uwezo
    0 <= idadi and idadi <= uwezo
    0 <= mwanzo and mwanzo < uwezo
```

Tufuatilie hesabu mara moja. Tuseme `mwanzo` ni 3 na `idadi` ni 2. Basi mtu wa mbele yuko nafasi ya 3 na wa pili yuko nafasi ya 0. Akifika mwenye tiketi 57, anawekwa kwenye baki la (3 + 2) kugawanya kwa 4, yaani nafasi ya 1, na idadi inakuwa 3. Mtu wa mbele akihudumiwa, `mwanzo` unakuwa baki la (3 + 1) kugawanya kwa 4, yaani 0, na idadi inarudi 2. Waliobaki wako nafasi za 0 na 1, kama inavyotakiwa.

## Jinsi usahihi unavyothibitishwa

Mfano mmoja uliokwenda vizuri hauthibitishi kitu. Faida ya masharti ni kwamba yanaruhusu kila utaratibu uchunguzwe peke yake, mara moja tu, kwa niaba ya hali zote.

Hoja yake ni ileile ya uthibitisho kwa kurithishana inayofundishwa katika hisabati ya sekondari. Kwanza huonyeshwa kwamba kitu kinapoumbwa sharti la kudumu ni kweli. Foleni mpya ina idadi 0 na mwanzo 0, na utaratibu unaoiumba unadai uwezo usiwe chini ya 1; kwa hiyo mistari yote minne inatimia. Kisha, kwa kila utaratibu, huonyeshwa kwamba ukianza sharti likiwa kweli, utamaliza likiwa kweli. Mambo hayo mawili yakithibitika, sharti litabaki kweli hata taratibu ziitwe mara milioni na kwa mpangilio wowote. Hakuna haja ya kufikiria historia ya foleni.

Kwa `ingiza`, hoja ni hivi. Sharti la kabla linasema idadi ni ndogo kuliko uwezo, kwa hiyo baada ya kuongezwa moja haiwezi kuzidi uwezo. Idadi haikuwa chini ya sifuri, na kuongezwa hakuwezi kuipeleka huko. `mwanzo` haukuguswa. Baki la kugawanya kwa uwezo huwa kati ya 0 na uwezo kutoa 1, kwa hiyo namba mpya inawekwa kwenye nafasi iliyopo kweli. Mstari unaodai uwezo usiwe chini ya 1, ambao msomaji anaweza kuuona wa kujaza karatasi, unafanya kazi hapa: bila huo, programu ingeweza kugawanya kwa sifuri.

Linabaki swali gumu zaidi: je, namba mpya haifuti ya mtu mwingine? Watu waliomo wako umbali wa 0, 1, 2 na kuendelea hadi idadi kutoa 1 kutoka mwanzo. Mpya anawekwa umbali ulio sawa na idadi. Tofauti kati ya umbali wake na wa mwenzake yeyote ni angalau 1 na haizidi idadi, na idadi ni ndogo kuliko uwezo. Namba mbili zinazotofautiana kwa chini ya uwezo haziwezi kutoa baki moja, kwa hiyo nafasi hazigongani.

Kulitafuta sharti la kudumu husaidia pia wakati wa kubuni, kabla ya kuandika amri yoyote. Wanaoanza hupenda kuhifadhi `mwanzo` na `mwisho` tu na kuiacha `idadi`, wakidhani itapatikana kwa kutoa. Anayejaribu kuandika sharti la kudumu la foleni ya namna hiyo hukwama upesi: foleni ya nafasi nne inaweza kuwa na watu 0, 1, 2, 3 au 4, hali tano, lakini tofauti ya mwanzo na mwisho kwa kuzunguka hutoa majibu manne tu. Foleni tupu na foleni iliyojaa zinafanana kabisa.

## Mkataba unapovunjwa

Tuseme sharti la kabla la `ingiza` halikuandikwa, na `mwanzo` ni 1. Foleni imejaa tiketi 41, 42, 43 na 44, zilizo katika nafasi za 1, 2, 3 na 0. Anafika mwenye tiketi 45. Baki la (1 + 4) kugawanya kwa 4 ni 1, na hapo ndipo ilipo tiketi 41. Namba 45 inaandikwa juu yake, na idadi inakuwa 5.

Programu haisimami wala haitoi onyo, kwa kuwa nafasi ya 1 ni halali. Dirishani wanaitwa 45, 42, 43, 44, kisha 45 tena. Aliyefika wa mwisho ameitwa kwanza, ameitwa pia mwisho, na mwenye tiketi 41 haitwi kamwe. Dalili itaonekana baada ya muda, mbali na palipo na kosa, na yaelekea atakayelaumiwa ni karani.

Sharti likiwepo na ukaguzi ukiwa umewashwa, programu husimama pale pale `ingiza` inapoitwa, na hutaja jina `kuna_nafasi`. Jina hilo linaonyesha pia mwenye kosa. Sharti la kabla likivunjwa, kosa ni la mteja, kwa sababu aliita bila kutimiza alichodaiwa. Sharti la baada au la kudumu likivunjwa, kosa ni la mtoa huduma, isipokuwa pale data yake ilipovujishwa, jambo litakaloelezwa mbele. Mgawanyo huu huokoa muda mwingi wa kutafuta kasoro.

Kutokana na hilo, Meyer alishikilia kanuni inayowashangaza wengi: ndani ya utaratibu kusiwe na amri ya kuangalia tena sharti la kabla. Wazoefu wa kujihami huangalia kila kitu kila mahali, na matokeo yake ni kwamba kila upande hudhani mwenzake atashughulikia hali mbaya, au zote mbili huishughulikia kwa njia zinazopingana. Lakini kanuni hiyo ina mpaka. Mkataba ni kati ya programu na programu. Mtu anayechapa namba kwenye kibodi hakutia sahihi mkataba wowote, kwa hiyo kinachotoka nje ya programu ni lazima kikaguliwe kwa amri za kawaida kabla ya kuingizwa ndani.

Mteja naye lazima awe na njia ya kujua kama ametimiza wajibu wake. Ndiyo maana `idadi` na `uwezo` huachwa wazi zisomwe na wote, ilhali `nafasi` hufichwa. Sharti la kabla linalotaja kitu ambacho mteja hawezi kukiona si la haki.

## Ahadi iliyo dhaifu

Masharti husema tu kile yalichoandikiwa. Kama `ingiza` ingeahidi kwamba idadi itaongezeka kwa moja, bila mstari wa pili, utaratibu unaoongeza hesabu pasipo kuhifadhi namba yoyote ungetimiza mkataba wote. Hata mistari miwili iliyopo haitoshi: haisemi kwamba waliokuwa mbele wamebaki kama walivyokuwa. Hoja iliyotolewa hapo juu ilithibitisha jambo hilo, lakini mkataba haukuliandika.

Kuliandika kunawezekana, ila kuna gharama. Kompyuta ingelazimika kunakili foleni nzima kabla ya kila `ingiza` ili iweze kulinganisha baadaye. Kwa nafasi nne si kitu. Kwa nafasi laki moja, ukaguzi ungekula muda kuliko kazi yenyewe. Ndiyo sababu Eiffel inaruhusu ukaguzi uwashwe kwa viwango, na watumiaji wengi hubakiza masharti ya kabla tu baada ya programu kukabidhiwa, kwa kuwa ndiyo mepesi kukagua.

Kuna pia njia ya kulivunja sharti la kudumu bila utaratibu wowote wa klasi kukosea. Ikiwa klasi itamkabidhi mteja safu ya `nafasi` yenyewe badala ya nakala yake, mteja anaweza kubadili ukubwa wa safu hiyo akiwa nje. Mstari `nafasi.count = uwezo` unakuwa uongo, na uthibitisho wote wa awali unapoteza msingi, kwa sababu ulidhani kwamba ni taratibu za klasi tu zinazoigusa data. Kwa ajili ya hali kama hii, Eiffel hukagua sharti la kudumu utaratibu unapoitwa kutoka nje, na tena unapomaliza. Likikutwa limevunjika mwanzoni kabisa, data imevuja.

## Klasi zinazorithi

Klasi inaweza kurithi nyingine na kubadilisha taratibu zake. Mteja aliyesoma mkataba wa mzazi anaweza, bila kujua, kukabidhiwa kitu cha klasi ya mtoto. Kwa hiyo mtoto hana ruhusa ya kudai zaidi ya mzazi wala kuahidi pungufu. Anaweza kulegeza sharti la kabla au kukaza sharti la baada, na sharti la kudumu la mzazi linamfunga naye. Barbara Liskov na Jeannette Wing walilieleza jambo hili kwa urefu katika makala yao ya mwaka 1994 kuhusu uhusiano wa aina na aina ndogo.

Hospitali ikitaka foleni inayompeleka mgonjwa wa dharura mbele, inavutia kuandika klasi inayorithi foleni ya kawaida na kubadilisha `ingiza`. Mkataba unakataa. Ahadi `yuko_nyuma` inasema aliyeingia yuko nyuma, na mteja fulani huenda anaitegemea ili kumwambia mgonjwa ni wangapi walio mbele yake. Foleni ya dharura ni klasi nyingine, au iongezewe utaratibu wenye jina lake.

## Roketi ya Ariane 5

Mjadala maarufu kuhusu mikataba ulitokana na roketi ya Ariane 5. Ilirushwa kwa mara ya kwanza tarehe 4 Juni 1996 kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, na ikaharibika angani chini ya dakika moja baadaye. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu ya programu iliyochukuliwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kugeuza namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba nzima ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Kwa mwendo wa Ariane 4 namba hiyo haikufika huko. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa mlalo, na namba ikazidi. Kompyuta mbili za kuongoza roketi, zilizokuwa na programu moja, zilizimika kwa sababu ileile.

Mwaka 1997 Meyer na Jean-Marc Jézéquel waliandika kwamba kosa lilikuwa la kutumia tena programu bila mkataba: sharti la kabla linalotaja kikomo cha namba hiyo lingekuwa mbele ya macho ya kila aliyeichukua. Wengine walipinga, na hoja yao ina uzito. Ukaguzi wa sharti hilo roketi ikiwa angani usingeokoa chochote, kwani programu ingesimama vilevile. Sharti lingesaidia kama tu lingesomwa na wahandisi wa Ariane 5, au kama majaribio ardhini yangetumia njia halisi ya roketi mpya, na majaribio ya namna hiyo hayakufanywa kwa mfumo huo wa uongozaji.

## Katika lugha nyingine

Lugha ya D ina mikataba ndani yake, na Ada iliipata rasmi katika toleo la mwaka 2012, kwa maneno `Pre`, `Post` na `Type_Invariant`. Java haina, lakini masharti yake yanaweza kuandikwa kama maelezo maalumu yanayosomwa na zana za JML. Katika lugha nyingine watu hutumia amri ya `assert`, ambayo hukagua lakini haitofautishi dai na ahadi, na haionekani kwa anayesoma klasi kutoka nje.

SPARK, ambayo ni sehemu ya Ada, na Dafny huenda mbali zaidi: hoja kama ile ya baki la kugawanya hufanywa na kompyuta kabla ya programu kuendeshwa, na programu isiyothibitika hukataliwa.

Programu zinazofanya kazi nyingi sambamba zina ugumu wake. Karani wawili wanaweza kuona kwa pamoja kwamba imebaki nafasi moja, kila mmoja akawa ametimiza sharti la kabla kwa dhati, na bado wa pili akaikuta foleni imejaa. Mfumo wa SCOOP katika Eiffel hulitatua hilo kwa kubadilisha maana ya sharti: likikuta kitu kinachoshirikiwa hakijawa tayari, mwito haushindwi, bali husubiri hadi sharti litimie.